Sura ya Namba Tano

Usiku mmoja wa Julai 1984, mjini Burlington, jimbo la Karolina Kaskazini huko Marekani, mwanafunzi wa chuo aitwaye Jennifer Thompson aliamka akakuta mwanamume chumbani mwake. Alikuwa na umri wa miaka 22. Alibakwa akiwa amewekewa kisu shingoni. Katikati ya unyama ule aliamua kufanya jambo ambalo wengi wetu tusingeweza: kumkariri yule mtu. Kila mwangaza kidogo ulipopita, alimtazama. Nywele zinaanzia wapi, ana kovu, ana chale, sauti yake ikoje. Alijiambia kwamba akitoka pale hai, huyu mtu atafungwa, na yeye ndiye atakayemfunga.

Alifaulu kutoroka. Asubuhi hiyo hiyo alianza kuwasimulia polisi, kisha akakaa na mchoraji wakaunda sura: macho haya, pua ile, mdomo huu. Mchoro ulipotangazwa, mtu akapiga simu akataja jina la Ronald Cotton, kijana wa miaka 22 pia, aliyekuwa tayari na rekodi kwa polisi. Siku chache baadaye Jennifer akawekewa picha sita mezani. Alizitazama kwa dakika kama tano hivi. Akaziondoa moja moja, akabaki na ya Cotton. Akauliza kama amefanya vizuri, na akaambiwa amefanya vizuri sana.

Kisha likaja gwaride la utambuzi, watu halisi wamesimama kwa mstari na namba mikononi. Jennifer alisitasita kati ya namba nne na namba tano. Akachagua tano. Alipotoka nje akaambiwa kwamba huyo ndiye yule yule aliyemchagua kwenye picha. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyoshusha pumzi. Shaka yote iliisha pale.

Kuna jambo ambalo hakuambiwa: kati ya wale wote waliosimama kwenye mstari, Cotton peke yake ndiye aliyekuwa pia kwenye picha.

Usiku ule ule wa Julai mwanamke mwingine alikuwa ameshambuliwa, kama maili moja kutoka kwa Jennifer, na polisi waliamini ni kazi ya mtu mmoja. Huyu wa pili alipopelekwa kwenye gwaride alichagua mtu mwingine kabisa. Baraza la wazee wa mahakama halikuruhusiwa kusikia hilo. Januari 1985 Jennifer alipanda kizimbani, akamnyooshea Cotton kidole bila kutetereka, na Cotton akapewa kifungo cha maisha.

Mimi nilikutana na kesi hii mwaka wa pili chuoni, katika kozi ya ubongo na kumbukumbu, kabla karo haijanishinda nikaondoka. Mhadhiri aliigusa kwa dakika chache, akabadilisha slaidi, akaingia kwenye panya. Mimi nilibaki Burlington. Kozi niliiacha lakini hii stori sijaiacha, na nimeisoma na kuisoma tena kati ya kazi moja ya kuandika na nyingine. Ilinichukua muda kuona kwamba mhadhiri hakuwa amebadilisha mada. Wale panya walikuwa wanaeleza kile kilichotokea kati ya picha, gwaride na kizimba.

Tuanze na kile ambacho sayansi yenyewe iliamini wakati Jennifer alipokuwa anatoa ushahidi. Mwaka 1900 Wajerumani wawili, Müller na Pilzecker, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kitu ulichojifunza sasa hivi huwa dhaifu kwa muda. Ukimfundisha mtu orodha ya silabi zisizo na maana, kisha umpe orodha nyingine papo hapo, ya kwanza inavurugika. Ukisubiri kidogo, haivurugiki. Kumbukumbu, walisema, inahitaji muda wa kuganda. Kwa miaka mingi iliyofuata wanasayansi waliielewa kama simiti. Ikiwa mbichi unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Ikishakauka, imekauka. Unaweza kushindwa kuiona kwa sababu umeifunika na takataka, lakini chini iko vile vile.

Mahakama pia, bila kusoma Müller wala Pilzecker, inafanya kazi na hiyo simiti. Shahidi anaapishwa ili asiseme uongo. Wakili anamhoji ili kujua kama anadanganya. Mfumo mzima umejengwa kumkamata mwongo. Jennifer hakuwa mwongo. Alikuwa shahidi ambaye kila mwendesha mashtaka anaomba ampate, na kila neno alilosema aliliamini.

Simiti ilianza kupata nyufa mapema, ila hakuna aliyetaka kuangalia. Mwaka 1968 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Misanin, Miller na Lewis, waliwafundisha panya kuogopa sauti fulani kwa kuifuatanisha na mshtuko wa umeme miguuni. Panya mwenye kiu akiisikia sauti hiyo anaacha hata kunywa maji. Ilijulikana tayari kwamba ukimpiga panya mshtuko mkali wa umeme kichwani mara tu baada ya somo, anasahau somo, kwa kuwa simiti bado mbichi. Wao walisubiri siku nzima. Kesho yake wakawasikilizisha baadhi ya panya ile sauti kwa muda mfupi tu, halafu ndipo wakawapiga mshtuko wa kichwani. Panya hao walirudi kunywa maji kama ambao hawajawahi kufundishwa chochote. Wenzao waliopata mshtuko ule ule bila kukumbushwa sauti waliendelea kuogopa.

Fikiria maana yake. Kumbukumbu ya jana, iliyokauka, imeharibika kwa sababu imeitwa. Mwaka uliofuata watafiti wengine walijaribu kurudia jaribio hilo wakashindwa kupata matokeo yale, wazo likawekwa kabatini, na watu wakaendelea na simiti yao kwa miaka mingine thelathini.

Aliyelitoa kabatini ni Karim Nader, kijana aliyekuwa ametoka tu kumaliza uzamifu, akifanya kazi katika maabara ya Joseph LeDoux huko New York. Maabara hiyo ilikuwa inaijua hofu ya panya kuliko karibu mtu yeyote duniani. Walijua inakaa hasa kwenye amigdala, kijisehemu kidogo kilicho ndani ubavuni mwa ubongo, na walijua kwamba ili kumbukumbu ya hofu igande pale, chembe za ubongo lazima zitengeneze protini mpya. Kuna dawa iitwayo anisomaisini inayozuia protini kutengenezwa. Ukiichoma kwenye amigdala mara tu baada ya somo, somo haligandi. Nader akauliza swali la kitoto: je, nikiichoma baada ya kukumbuka? Bosi wake alimwambia anapoteza wakati. Alifanya vile vile.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulifuata. Siku ya kwanza panya anasikia sauti, sauti inaisha na mshtuko mdogo wa miguu. Mara moja tu, inatosha. Kesho yake, kwenye kizimba kingine, anasikizishwa sauti peke yake. Anakauka tuli, jinsi panya anavyofanya akiogopa, kwa hiyo tunajua amekumbuka. Hapo hapo dawa inaingizwa kwenye amigdala. Siku ya tatu sauti inapigwa tena, na panya anaendelea na mambo yake. Hofu karibu yote imeondoka.

Kilichowafanya watu wakae macho ni zile hatua za kujilinda alizoweka. Panya waliochomwa dawa bila kusikia sauti hawakusahau kitu, kwa hiyo dawa peke yake haifuti. Panya waliokumbushwa, kisha wakachomwa saa sita baadaye, nao hawakusahau, kwa hiyo kuna dirisha linalofunguka na kujifunga. Panya waliopimwa saa nne tu baada ya dawa bado waliogopa, kwa hiyo dawa haikuwaunguza ubongo. Ilichozuia ni kitu kilichohitaji muda kutengenezwa. Na hata hofu ya siku 14 ilifutika kwa njia hiyo hiyo. Makala yalitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2000, na safari hii kabati halikufungwa tena.

Kwa hivyo mfano wa simiti ilibidi uachwe. Mimi nikielezea jambo hili mtaani hutumia mkebe wa Kimbo. Mafuta yameganda, meupe, magumu, unaweza kuyakata na kijiko. Ukitaka kuyatumia unayapasha na yanakuwa maji. Yakikaa yanaganda tena, na kwa macho yanaonekana ni yale yale. Lakini chochote kilichodondokea ndani wakati yakiwa maji, kipande cha kitunguu, mdudu, kitagandia humo humo. Wanasayansi wanaliita jambo hilo kuganda upya. Kukumbuka, kwa maelezo haya, ni kupasha. Kumbukumbu inalegea kwa saa chache, kisha lazima itengenezwe tena ili ikae.

Sasa, panya hapandi kizimbani. Hatuwezi kumchoma mtu anisomaisini kwenye amigdala ili kuona anasahau nini, na mshtakiwa hakufungwa kwa sababu shahidi amesahau. Alifungwa kwa sababu shahidi alikumbuka kitu cha ziada. Kwa hiyo swali la Burlington ni tofauti kidogo: mafuta yakiwa maji, kuna kitu kinaweza kuingia?

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilitoka Chuo Kikuu cha Arizona mwaka 2007, la Almut Hupbach na wenzake. Halina damu wala drama. Unaingia chumbani, mtafiti anatoa vitu 20 vya kawaida kwenye mfuko, kimoja kimoja, na kuviweka kwenye kikapu cha buluu. Unavitaja na kuvikariri. Unaenda nyumbani. Baada ya siku mbili unarudi. Kundi moja linakutana na mtafiti yule yule chumba kile kile, anawaonyesha kikapu kikiwa kitupu na kuwauliza kama wanakumbuka tulifanya nini juzi. Wakianza kutaja vitu, anawakatiza. Ni kugusia tu. Kundi la pili linapelekwa chumba kingine kwa mtafiti mwingine, na hawagusiwi chochote. Kisha makundi yote mawili yanakariri vitu vingine 20, vipya, vilivyopangwa mezani. Siku mbili tena, wanaulizwa: vitu vya kwanza vilikuwa vipi?

Wale ambao hawakukumbushwa walitaja vitu vya kwanza bila kuchanganya sana. Waliokumbushwa waliingiza vitu vya mezani kwenye kikapu. Walisema viatu vilikuwa kikapuni, tuseme, na wala havikuwa. Na mchanganyiko ulienda upande mmoja tu. Walipoulizwa vitu vya pili, hawakuingiza vya kwanza. Kingekuwa kichwa tu kimechoka na kuchanganya mambo, kingechanganya pande zote. Hapa ni kumbukumbu ya zamani iliyofunguliwa na ikapokea mgeni.

Watu wakizungumzia kumbukumbu za uongo kwa kawaida humtaja Elizabeth Loftus, na kwa haki. Mwaka 1974 yeye na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali, wakawauliza kundi moja magari yalikuwa na kasi gani yalipopondana, na jingine yalipogongana. Wiki moja baadaye wakauliza: uliona vioo vilivyovunjika? Hakukuwa na kioo kilichovunjika. Kati ya 50 wa "pondana", 16 walisema waliona. Kati ya 50 wa "gongana" ni 7. Neno moja. Jaribio hilo linakuonyesha kwamba kuna kitu kimedondokea kwenye mkebe. Kikapu cha buluu ndicho kinachoashiria ni saa ngapi mkebe ulikuwa wazi.

Na liko jingine ambalo wapelelezi wanapaswa kulisoma kabla ya chai ya saa nne. Mwaka 2009 Jason Chan na wenzake waliwaonyesha watu kipindi kizima cha tamthilia ya 24. Baadhi yao walipewa mtihani mara tu baada ya kutazama: kumbuka, nani alifanya nini, kwa kutumia nini. Wengine walicheza mchezo wa kompyuta. Kisha wote wakasikiliza muhtasari wenye makosa ya makusudi ndani yake. Gaidi aliyemzimisha mhudumu wa ndege kwa sindano sasa anatumia kitambaa chenye dawa. Ungetegemea waliofanya mtihani wawe wagumu kudanganywa, maana wametoka kukumbuka vizuri. Ilikuwa kinyume. Ndio waliomeza makosa zaidi. Chan mwenyewe hakudai kwamba maelezo ni moja tu. Huenda kuulizwa kunakufanya usikilize kwa makini zaidi pale majibu yanapotajwa. Lakini kwa shahidi matokeo ni yale yale: alihojiwa, kisha akasikia kitu, na alichosikia kikashika.

Sasa turudi Burlington na mkebe wetu tufuate hatua moja moja.

Asubuhi ya tukio, Jennifer anasimulia. Kumbukumbu iko wazi. Anaunda mchoro: anachagua macho kutoka kwa macho mengi, mdomo kutoka kwa midomo mingi. Sura za watu hatuzihifadhi vipande vipande, kwa hiyo analazimika kuibomoa sura nzima na kuijenga upya kwa vipande vya mtu mwingine. Hiyo ni mara ya kwanza sura yenyewe kupata mshindani. Picha sita: anaita tena kumbukumbu ya yule mtu, na wakati ikiwa imeitwa anatazama uso wa Ronald Cotton kwa dakika tano, kwa mwanga mzuri, bila kisu shingoni. Nafikiri hapa ndipo kesi ilipoamuliwa. Dakika tano za kutazama kwa utulivu dhidi ya usiku wa hofu na vimulimuli. Kisha anaambiwa amefanya vizuri. Siku kadhaa baadaye anasimama mbele ya mstari, anaita tena, na ni uso mmoja tu pale ambao amewahi kuuona mahali. Anaupata unafanana na kumbukumbu yake. Lazima ufanane, maana picha yake imekwishaingia humo.

Kuhusu ile "umefanya vizuri" kuna jaribio lake pia. Mwaka 1998 Gary Wells na Amy Bradfield waliwaonyesha watu video hafifu ya kamera ya usalama, kisha wakawapa picha za kuchagua. Mhusika hakuwemo kwenye picha hizo, kwa hiyo kila aliyechagua alikosea. Baadhi wakaambiwa: vizuri, umemtambua mshukiwa. Wengine hawakuambiwa kitu. Baadaye wote wakaulizwa. Walioambiwa vizuri walisema walikuwa na uhakika tangu mwanzo, hilo unaweza kulitegemea. Ila walisema pia kwamba waliuona uso vizuri zaidi kwenye video, na kwamba walikuwa makini zaidi walipoitazama. Sentensi moja ya polisi ilirudi nyuma ikabadilisha hadi mwangaza wa chumba.

Ndiyo sababu Jennifer wa kizimbani mwaka 1985 hafanani na Jennifer wa picha sita. Yule wa kwanza alichukua dakika tano na akauliza kama yuko sawa. Wa pili hana shaka hata chembe. Wazee wa baraza walimwona wa pili tu.

Gerezani Cotton alikutana na mfungwa mpya, Bobby Poole, waliyefanana naye hadi watu wakawa wanawachanganya. Habari zikamfikia kwamba Poole amejigamba kwa mfungwa mwingine kuwa ndiye aliyefanya yale ya Burlington. Mahakama ya juu ya jimbo ilikuwa imeamuru kesi isikizwe upya, kwa sababu ya yule shahidi wa pili aliyefichwa. Mwaka 1987 Poole akaletwa mahakamani, akasimamishwa mbele ya Jennifer. Huyu ndiye aliyemshambulia kweli, uso ule ule alioukariri akiwa na kisu shingoni. Akaulizwa kama amewahi kumwona. Akasema hajawahi kumwona maishani mwake.

Na yule mwanamke wa pili, aliyechagua mtu mwingine mwaka 1984? Sasa, baada ya miaka mitatu, alisema ni Cotton. Cotton akahukumiwa kwa makosa ya wote wawili. Mimi huwa nasimama hapa kila ninapoisoma. Kila mtu anamtaja Jennifer, lakini ni huyu wa pili ambaye kubadilika kwake kumeandikwa kwenye faili la mahakama, kabla na baada.

Cotton naye, kwa taarifa yako, alikuwa amejiharibia. Alipoulizwa mwaka 1984 alikuwa wapi usiku ule, alitoa maelezo ya wikendi nyingine, alichanganya tu. Polisi walipochunguza wakakuta si kweli, wakaona huyu anadanganya. Kumbukumbu yake ikikosea ni uongo, ya shahidi ikikosea ni ushahidi.

Mwaka 1995 DNA ikapimwa. Sampuli iliyokuwa bado inapimika haikuwa ya Cotton, ilikuwa ya Poole, na Poole akakiri. Cotton alitoka tarehe 30 Juni 1995 baada ya miaka kumi na nusu. Yeye na Jennifer walikutana mwaka 1997, wakawa marafiki, na mwaka 2009 wakatoa kitabu pamoja. Jennifer ameeleza hadharani kwamba hata baada ya kujua ukweli, alipoota usiku ule, sura iliyokuja ilikuwa ya Cotton. Ukweli ulikuwa umeshamfikia. Sura ya zamani haikuwa na mahali pa kurudi.

Sasa breki kidogo, maana hii mada inapendwa na watu wa kutia chumvi. Hakuna aliyeona protini za Jennifer. Kutoka kwa panya wa Nader hadi gwaride la Burlington ni hatua ndefu, na kwa binadamu majaribio kadhaa maarufu ya kuganda upya yamerudiwa na maabara nyingine na hayakutoa jibu lile lile. Hata kikapu cha buluu kina mpinzani: mwaka 2011 watafiti wengine walionyesha kwa hesabu kwamba unaweza kupata matokeo yale bila kumbukumbu kufunguka kabisa. Ukikumbushwa kikapu, vitu vipya vinabandikwa lebo ya mahali pa zamani, na baadaye unavitoa kwa lebo hiyo. Kwa panya wenyewe pia si kila kukumbuka kunafungua. Kumbukumbu kali sana au za zamani sana mara nyingi hukataa, na inaonekana lazima kuwe na kitu cha kushangaza kidogo, kisicholingana na ulichotarajia. Kwa hiyo mtu akikuambia kila ukikumbuka kitu unakiharibu, mwambie apunguze. Kwamba ushahidi wa shahidi hubadilika baada ya kuhojiwa na kuonyeshwa, hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni fundi gani ndani ya kichwa anayeubadilisha.

Halafu usiruke upande wa pili ukasema macho ya shahidi hayana thamani. Wells huyo huyo pamoja na John Wixted walipitia tafiti nyingi mwaka 2017, wakakuta kwamba uhakika wa shahidi mara ya kwanza kabisa anapoonyeshwa, kabla ya kupongezwa na mtu, kama utaratibu ni safi, unatabiri vizuri sana kama yuko sahihi. Anayejikongoja mara ya kwanza ndiye wa kuogopa. Jennifer alijikongoja. Alama ilikuwepo, na ingeandikwa kwa maneno yake siku ile, wakili yeyote angeishika. Mwaka 2007 jimbo lake lilipitisha sheria inayotaka hivyo: shahidi aulizwe uhakika wake papo hapo, yaandikwe maneno yake mwenyewe, na anayeendesha gwaride asijue mshukiwa ni yupi.

Hapa ndipo nilipopata mshangao wangu, kwa sababu nilitegemea kukuta sisi tuko nyuma. Kanuni za gwaride la utambuzi Kenya zina mizizi katika kesi moja ya mwaka 1936, ya Mwango s/o Manaa, mbele ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na zikarudiwa katika kesi ya Ssentale huko Uganda mwaka 1968. Mshukiwa awekwe kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali ya maisha. Achague mwenyewe pa kusimama. Afisa anayepeleleza kesi anaweza kuwepo, lakini asiendeshe gwaride. Shahidi aambiwe kwamba mtu huyo huenda yumo na huenda hayumo. Ni kabla ya Loftus, kabla ya panya wa Rutgers. Na mwaka 1952, katika kesi ya Terekali, mahakama hiyo hiyo ilisema ripoti ya kwanza ya mlalamishi kwa mwenye mamlaka ni muhimu, kwa sababu inasaidia kupima usahihi wa kila anachosema baadaye na inazuia nakshi za baadaye. Ndiyo maana mpaka leo ukisoma hukumu za wizi wa mabavu unaona jaji anauliza: ulipofika kituoni usiku ule, ulisema alivaa nini, ni mrefu au mfupi, na kwa nini OB haina maelezo hayo? Rufaa nyingi zimepita kwenye hilo tundu la OB.

Majaji wale hawakuwa na amigdala wala anisomaisini. Walikuwa wamesikiliza mashahidi wengi wakibadilika, basi.

Kanuni nyingine kwenye ile orodha inasema shahidi asimwone mshukiwa kabla ya gwaride. Iliandikwa wakati ambapo kumwona kulihitaji mlango kuachwa wazi kituoni. Leo mtu anashikwa saa mbili asubuhi, na kabla hajaandikwa kwenye OB picha yake akiwa ameketi chini iko kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, chini yake imeandikwa "ndio huyu". Mwenye simu iliyoibwa yuko kwenye kikundi hicho. Gwaride litafanywa Alhamisi, kwa kufuata kanuni zote.